Kutoka Kielelezo hadi Aya: Uandishi wa Sehemu Fupi ya Matokeo kwa Tarakimu Kamili kutokana na Nakala Zilizoskaniwa

Ikisiri

Watafiti wengi wa isimujamii hulazimika kuchukua takwimu kutoka katika nakala zilizoskaniwa za tafiti na ripoti, kisha kuzieleza kwa aya moja au mbili za Kiswahili. Makala haya yanafafanua hatua za kazi hiyo kwa kutumia mfano mmoja, yaani idadi ya watu wa Mkoa wa Ruvuma kwa jinsi katika sensa za mwaka 2012 na 2022, kama ambavyo mtafiti wa lugha katika Kata ya Msamala, Manispaa ya Songea, angeihitaji. Hoja kuu ni kwamba kunakili tarakimu kwa usahihi hakutoshi. Maana ya tarakimu katika sentensi ya Kiswahili hubebwa na nomino ya kipimo na maneno madogo *kwa*, *hadi* na *kutoka*, na taarifa inayomwezesha mwandishi kuyachagua maneno hayo hukaa katika maelezo ya kielelezo, wala si katika nguzo au mistari yake. Makala yanaonesha pia namna ya kugundua makosa ya kuskani, mipaka ya kukisia thamani kutoka katika grafu, na utata wa kusoma tarakimu kwa maneno.

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayechunguza matumizi ya Kingoni na Kiswahili katika Kata ya Msamala huanza, kama ilivyo desturi, na usuli wa eneo lake la utafiti. Usuli huo unahitaji idadi ya watu na mabadiliko yake, kwa sababu hoja za uhamaji, mchanganyiko wa wasemaji na kudhoofika kwa lugha za jamii hujengwa juu ya msingi huo. Mara nyingi chanzo anachokipata ni nakala ya karatasi iliyoskaniwa: kurasa zilizoinama kidogo, grafu ya rangi iliyogeuka kuwa ya kijivu, na maelezo ya kielelezo yaliyochapwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa.

Kinachotakiwa kutoka katika kurasa hizo ni aya fupi. Aya hiyo haina nafasi ya kufasiri wala kujadili. Kazi yake ni kusema kilichopatikana, kwa kipimo gani, miongoni mwa nani na lini. Inaonekana kuwa kazi ya kunakili tu, lakini aya za namna hii ndizo zinazozalisha makosa yanayoishi muda mrefu, kwani mtafiti wa pili huinukuu aya bila kurudi kwenye kielelezo, na wa tatu humnukuu wa pili. Kosa la neno moja, kwa mfano *hadi* mahali pa *kwa*, halionekani kwa msomaji asiyekuwa na kielelezo mkononi, ilhali tarakimu yenyewe imenakiliwa vizuri kabisa.

Makala haya yanafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi aya iliyokamilika. Tarakimu zilizotumika ni za sensa zilizofanyika Agosti 2012 na Agosti 2022. Kielelezo kinachozungumziwa kimepangwa kwa ajili ya ufafanuzi huu: grafu ya nguzo yenye miaka miwili, kila mwaka ukiwa na nguzo ya wanaume, nguzo ya wanawake na nguzo ya jumla, pamoja na jedwali dogo chini yake.

| Mwaka | Wanaume | Wanawake | Jumla |
|---|---|---|---|
| 2012 | 668,357 | 708,534 | 1,376,891 |
| 2022 | 902,298 | 946,496 | 1,848,794 |

*Kielelezo cha 1: Idadi ya watu wa Mkoa wa Ruvuma kwa jinsi, sensa za 2012 na 2022.*

2.0 Kuanza na maelezo ya kielelezo

Msomaji wa kielelezo huvutwa kwanza na umbo: nguzo ipi ni ndefu, mstari upi unapanda. Mwandishi wa matokeo anapaswa kuanza kwingine. Maelezo ya kielelezo hujibu maswali manne ambayo umbo haliwezi kuyajibu: kinachopimwa ni nini, kimepimwa miongoni mwa nani, wapi, na lini. Katika mfano wetu majibu ni haya: kinachopimwa ni idadi, si asilimia, waliohesabiwa ni watu wote, si wenye umri fulani, eneo ni Mkoa wa Ruvuma, na wakati ni sensa mbili zilizopishana kwa miaka kumi.

Jibu la tatu linastahili uangalifu wa pekee kwa mtafiti wa Msamala. Kielelezo hiki ni cha mkoa. Msamala ni kata ndani ya Manispaa ya Songea, na Manispaa ni sehemu moja tu ya mkoa. Manispaa ya Songea ilikuwa na watu 203,309 mwaka 2012 na watu 286,285 mwaka 2022, yaani ongezeko la 40.8%, wakati mkoa mzima uliongezeka kwa 34.3%. Ikiwa mji na mkoa wake vinatofautiana kiasi hicho, hakuna sababu ya kudhani kwamba kata moja ya mji itafuata kiwango cha mkoa. Sentensi kama "Wakazi wa Msamala wameongezeka kwa 34.3%" ni kosa hata kama tarakimu ni sahihi, kwa sababu imehamisha kipimo kutoka eneo lake. Namna salama ni kulitaja eneo la kielelezo ndani ya sentensi ileile inayobeba tarakimu, badala ya kulitaja mara moja mwanzoni mwa aya na kumwachia msomaji alikumbuke.

Jibu la nne nalo lina mtego. Tarakimu za sensa ileile zinaweza kuonekana kwa sura mbili katika machapisho rasmi. Sensa ya mwaka 2002 ni mfano bora: katika machapisho mengine idadi ya watu wa Tanzania ni 34,569,232 na katika mengine ni 34,443,603, kwa Ruvuma, 1,117,166 na 1,113,715. Hakuna kati ya hizo iliyo kosa la kuskani. Ni matoleo mawili ya matokeo. Mtafiti anayechukua jumla ya taifa kutoka toleo moja na ya mkoa kutoka toleo la pili atakokotoa asilimia ambayo haimo katika chanzo chochote. Kwa hiyo, pamoja na mwaka wa sensa, mwandishi aandike katika daftari lake mwaka wa chapisho na ukurasa, na tarakimu zote zinazolinganishwa zitoke katika toleo moja.

3.0 Kuhakiki tarakimu zilizotoka katika nakala

Programu ya kutambua herufi inaposoma ukurasa ulioskaniwa hukosea kwa namna zinazotabirika. Tarakimu 8 husomwa 3 pale upande wake wa kushoto unapofifia; 6 na 0 hubadilishana; 1 huwa herufi l; na koma ya maelfu hugeuka nukta au hupotea kabisa. Jicho la binadamu nalo lina makosa yake, hasa kupindua tarakimu mbili zinazofuatana, kama 946,496 kuwa 946,469.

Ukaguzi wa kwanza ni kujumlisha. Katika kielelezo chetu, 902,298 na 946,496 zinapaswa kutoa 1,848,794, na zinatoa. Tuseme tarakimu ya mwisho ya idadi ya wanaume ilisomwa 3 badala ya 8. Jumla ingekuwa 1,848,789, pungufu kwa 5. Tofauti ya 5, 50, 500 au 5,000 humwelekeza mhakiki moja kwa moja kutafuta 8 iliyogeuka 3 katika safu inayohusika. Tuseme badala yake tarakimu mbili zilipinduliwa, 946,496 ikawa 946,469. Tofauti ni 27. Kupindua tarakimu mbili zinazofuatana huzaa tofauti inayogawanyika kwa 9 bila baki daima, na hii ndiyo alama ambayo watunza hesabu wamekuwa wakiitumia tangu zamani. Tofauti isiyogawanyika kwa 9 haikutokana na kupindua pekee.

Ukaguzi wa kujumlisha una mpaka wake. Hauwezi kugundua makosa mawili yanayofutana, wala haufai pale ambapo kielelezo hakina jumla. Ndipo ukaguzi wa pili unapohitajika: kurudia hesabu yoyote iliyochapwa pamoja na tarakimu. Ikiwa matini ya makala asilia inasema kwamba wanawake walikuwa 51.2% mwaka 2022, mhakiki agawanye 946,496 kwa 1,848,794 aone kama anapata 51.2. Matini na kielelezo zikigongana, aya ya matokeo haipaswi kuchagua upande mmoja kimyakimya. Iseme tarakimu imetoka wapi, na mgongano uelezwe kwa tanbihi.

Suala la koma na nukta linahitaji neno la ziada kwa watafiti wa kusini mwa Tanzania. Songea haiko mbali na Peramiho, ambako wamisionari Wabenediktini waliweka kituo mwaka 1898, na sehemu kubwa ya maandishi ya kale kuhusu Wangoni na majirani zao yako kwa Kijerumani. Katika uchapaji wa Kijerumani nukta hutenganisha maelfu na koma hutenganisha desimali, kinyume cha desturi ya shule za Tanzania. Tarakimu 1.376 katika jedwali la Kijerumani ni elfu moja mia tatu sabini na sita, na 2,9 ni mbili nukta tisa. Kanuni ya kuamua ni kutazama jedwali zima. Kitenganishi ambacho daima kinafuatwa na tarakimu tatu ni cha maelfu. Kile kinachofuatwa na tarakimu moja au mbili ni cha desimali.

4.0 Pale ambapo kielelezo hakina tarakimu

Grafu nyingi hazina jedwali chini yake wala tarakimu juu ya nguzo. Hapo thamani hupatikana kwa kupima. Mwandishi hufungua picha katika programu yoyote inayoonesha nafasi ya kielekezi kwa pikseli, kisha husoma nafasi tatu: sifuri ya mhimili wima, alama ya juu kabisa ya mhimili huo, na ncha ya nguzo.

Tuchukulie kwamba jedwali la Kielelezo cha 1 limekatwa na imebaki grafu peke yake, iliyoskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi. Sifuri iko kwenye mstari wa pikseli 1180, alama ya 2,000,000 iko kwenye mstari wa 180, na ncha ya nguzo ya jumla ya mwaka 2022 iko kwenye mstari wa 256. Urefu wa mhimili ni pikseli 1000, hivyo kila pikseli ni watu 2,000. Urefu wa nguzo ni 1180 − 256, yaani pikseli 924. Thamani inayopatikana ni 924 × 2,000, sawa na 1,848,000.

Tarakimu ya sensa ni 1,848,794. Kipimo kimekaribia sana, lakini hakikuweza kufika pale, kwa sababu ndani ya pikseli moja kuna watu 2,000 wasioweza kutofautishwa. Kwa hiyo thamani hii iandikwe "takribani 1,848,000", na mahali pamoja katika aya ielezwe kwamba imekisiwa kutoka katika grafu, ikiwa na uwezekano wa kupishana kwa watu wapatao 2,000. Kuiandika bila neno *takribani* ni kudai usahihi ambao chanzo hakina. Neno hilo, basi, si pambo la mtindo. Ni taarifa kuhusu namna tarakimu ilivyopatikana, na halipaswi kutumika kwa tarakimu iliyosomwa katika jedwali.

Kabla ya kuamini kipimo chochote cha namna hii, sharti alama ya katikati ihakikiwe. Katika mfano wetu alama ya 1,000,000 inapaswa kuwa kwenye mstari wa 680. Ikiwa iko mbali na hapo kwa zaidi ya pikseli moja au mbili, ukurasa uliinama au ulivutwa wakati wa kuskani, au mhimili hauna vipimo vilivyo sawa. Pia mwandishi ahakikishe kwamba mhimili unaanzia sifuri. Grafu inayoanzia 1,000,000 ingeonesha nguzo ya 2022 ikiwa zaidi ya mara mbili ya ile ya 2012, ingawa ongezeko halisi ni theluthi moja na ushei.

5.0 Nomino ya kipimo na maneno madogo

Baada ya tarakimu kuhakikiwa, kazi inayobaki ni ya lugha, na hapa ndipo makosa mazito zaidi hutokea. Kielelezo kimoja huweza kuzaa vipimo vinne tofauti: *idadi*, *sehemu* (kwa asilimia), *uwiano* na *kasi ya ukuaji*. Kila kimoja kina nomino yake, na nomino hiyo ndiyo inayopaswa kuwa kiima cha sentensi.

Tuwatazame wanawake wa Ruvuma. Idadi yao iliongezeka kutoka 708,534 hadi 946,496, ongezeko la watu 237,962. Sehemu yao katika jumla ilishuka kutoka 51.5% hadi 51.2%. Sentensi zote mbili ni za kweli, na zinaelekea pande mbili tofauti. Mwandishi anayefupisha kwa kusema "Wanawake walipungua kidogo kati ya 2012 na 2022" amefuta nomino *sehemu* na kumwachia msomaji nomino *idadi*, ambayo ndiyo maana ya kwanza inayomjia mtu anaposikia watu wamepungua. Matokeo yake ni taarifa ya uongo iliyotokana na tarakimu za kweli. Sababu ya kushuka kwa sehemu hiyo imo katika kielelezo chenyewe: idadi ya wanaume iliongezeka kwa 35.0% na ya wanawake kwa 33.6%.

Tofauti kati ya asilimia mbili nayo ina kipimo chake. Kutoka 51.5% hadi 51.2% ni pungufu la pointi 0.3 za asilimia. Si "pungufu la 0.3%", kwani maneno hayo yangemaanisha sehemu tatu katika elfu ya 51.5. Kiswahili cha kitaaluma kinahitaji kulitumia neno *pointi* kwa uthabiti katika mazingira haya, kwa kuwa bila hilo sentensi haina namna ya kutofautisha mambo hayo mawili.

Maneno *kwa*, *hadi* na *kutoka* yanabeba mzigo mkubwa kuliko ukubwa wake. "Iliongezeka kwa 471,903" hutaja tofauti; "iliongezeka hadi 1,848,794" hutaja mwisho; "iliongezeka kutoka 1,376,891" hutaja mwanzo. Aya inayotaja mwanzo na mwisho pamoja imempa msomaji uwezo wa kukokotoa yote. Aya inayotaja ongezeko peke yake imemnyima. Pia *kwa* huleta utata inapofuatwa na *mara*: "iliongezeka kwa mara 1.34" husomwa na wengine kuwa imekuwa mara 1.34 ya ilivyokuwa, na wengine kuwa imeongezewa mara 1.34 nyingine juu ya ile ya kwanza. Ni heri kuandika "ilikuwa mara 1.34 ya idadi ya mwaka 2012".

Kasi ya ukuaji ndiyo nomino inayokosewa zaidi. Ongezeko la 34.3% kwa miaka kumi halimaanishi 3.4% kwa mwaka, kwa kuwa watu walioongezeka mwaka wa kwanza nao huzaa ongezeko katika miaka inayofuata. Kwa kanuni inayotumika kwa kawaida katika uchambuzi wa sensa, r = ln(P2/P1)/t, ambapo P1 ni 1,376,891, P2 ni 1,848,794 na t ni 10, kasi ni 2.9% kwa mwaka. Kwa taifa zima, lililokuwa na watu 44,928,923 mwaka 2012 na 61,741,120 mwaka 2022, kanuni hiyohiyo inatoa 3.2%. Mwandishi aliyegawanya 34.3 kwa 10 na kulinganisha 3.4 yake na 3.2 ya taifa angehitimisha kwamba Ruvuma ilikua kwa kasi kuliko nchi, wakati ukweli ni kinyume chake. Hapa kosa la hesabu limegeuza hoja nzima juu chini, na mtafiti wa uhamaji na lugha angejenga sura nzima juu yake.

Idadi ya desimali nayo ni dai. Tukikokotoa kasi ya Ruvuma kati ya 2002 na 2012 kwa matoleo yale mawili ya mwaka 2002, tunapata 2.09% kwa toleo moja na 2.12% kwa jingine. Kwa desimali moja zote ni 2.1%. Desimali ya pili inategemea toleo lililochaguliwa, na hivyo haina cha kumweleza msomaji kuhusu watu wa Ruvuma. Kanuni inayotokana na mfano huu ni kwamba idadi zinazosomwa katika jedwali ziandikwe zote bila kufupishwa, na vipimo vinavyokokotolewa viandikwe kwa desimali moja, isipokuwa kama chanzo kinaruhusu zaidi.

6.0 Tarakimu au maneno?

Baadhi ya miongozo ya uandishi huwataka wanafunzi waandike namba kwa maneno. Katika sehemu ya matokeo ushauri huo haufai, na sababu imo katika sarufi ya namba za Kiswahili. Kirai *elfu ishirini na tano* kinaweza kueleweka kuwa 25,000, ikiwa *ishirini na tano* yote inahesabu maelfu, au 20,005, ikiwa *na tano* inaongezwa baada ya *elfu ishirini*. Wazungumzaji huondoa utata kwa kubadili mpangilio na kusema *ishirini na tano elfu* wanapokusudia 25,000. Katika mazungumzo kituo na kiimbo pia husaidia, lakini maandishi hayana kiimbo.

Neno *laki* hupunguza tatizo bila kuliondoa. Idadi ya watu wa Ruvuma ya mwaka 2022 husomwa *milioni moja, laki nane, arobaini na nane elfu, mia saba tisini na nne*. Usomaji huo ni wazi kwa sababu *arobaini na nane* imetangulia *elfu*. Ikisomwa *milioni moja, laki nane, elfu arobaini na nane, mia saba tisini na nne*, msikilizaji bado anaweza kufasiri vizuri kwa msaada wa *mia saba* inayofuata, lakini idadi isiyo na mamia ingemwacha njia panda. Kwa sababu hiyo aya ya matokeo itumie tarakimu zenye koma za maelfu. Kwa wasilisho la mdomo, mfano mbele ya jopo la utetezi wa tasnifu, mtafiti atangulize tarakimu ndogo kabla ya *elfu*.

Upatanisho wa kisarufi pia hufichua kama nomino ya kipimo imechaguliwa kwa makini. "Idadi ya wanaume waliongezeka" huvunja upatanisho, kwani kiima ni *idadi*, na kitenzi kinapaswa kuwa *iliongezeka*. Kosa hilo mara nyingi ni dalili kwamba mwandishi aliwaza watu na kuandika kipimo, na kurekebisha kiambishi peke yake hakutoshi. Inafaa ajiulize upya anazungumzia nini.

7.0 Aya iliyokamilika na uhakiki wake

Kwa kufuata hatua zilizoelezwa, Kielelezo cha 1 kinaweza kufupishwa hivi:

> Idadi ya watu wa Mkoa wa Ruvuma iliongezeka kutoka 1,376,891 katika sensa ya 2012 hadi 1,848,794 katika sensa ya 2022, sawa na ongezeko la watu 471,903 (34.3%) na kasi ya ukuaji ya 2.9% kwa mwaka. Idadi ya wanaume mkoani iliongezeka kutoka 668,357 hadi 902,298 (35.0%), na ya wanawake kutoka 708,534 hadi 946,496 (33.6%). Sehemu ya wanawake katika jumla ya watu wa mkoa ilishuka kwa pointi 0.3 za asilimia, kutoka 51.5% hadi 51.2%. Uwiano ulikuwa wanaume 94.3 kwa kila wanawake 100 mwaka 2012, na 95.3 mwaka 2022 (Kielelezo cha 1). Asilimia, kasi na uwiano vimekokotolewa na mwandishi kutokana na idadi zilizomo katika kielelezo.

Aya hii haisemi kwa nini wanaume waliongezeka kwa kiwango kikubwa zaidi, wala haitaji Msamala. Mambo hayo yanahitaji ushahidi ambao kielelezo hakina. Sentensi ya mwisho inatenganisha kilichosomwa na kilichokokotolewa, ili msomaji akikuta hitilafu ajue aitafute katika chanzo au katika hesabu ya mwandishi.

Namna bora ya kuihakiki aya ni kuisoma kinyumenyume. Mtu ambaye hajakiona kielelezo apewe aya peke yake na aombwe kuchora upya jedwali lenye safu zake zote. Kwa aya iliyo hapo juu anaweza kujaza visanduku vyote sita, pamoja na miaka, eneo na kipimo. Kisanduku kikibaki wazi, aya imeacha jambo. Akijaza tarakimu isiyo sahihi, neno fulani limempotosha, na mara nyingi neno hilo litakuwa *kwa*, *hadi* au nomino iliyoachwa. Ikitokea jedwali likajaa lakini akashindwa kusema ni la mkoa au la kata, basi maelezo ya kielelezo hayakuingia ndani ya sentensi.

8.0 Hitimisho

Nakala iliyoskaniwa huleta makosa ya aina mbili. Ya kwanza ni ya tarakimu, na kujumlisha, kugawanya kwa 9 na kupima upya mhimili huyakamata mengi. Ya pili ni ya lugha, na hakuna hesabu inayoyakamata, kwa sababu kila tarakimu inakuwa sahihi. Dawa yake ni kurudisha katika kila sentensi kile ambacho maelezo ya kielelezo yalikibeba: kipimo, kundi, eneo na wakati. Kwa mtafiti wa Msamala hatua inayofuata ni kutafuta jedwali la kata katika toleo lilelile la sensa, na kuthibitisha kwamba mipaka ya kata haikubadilika kati ya sensa mbili anazolinganisha, kabla ya kuandika sentensi yoyote kuhusu ongezeko la wakazi wake.